Umeandika "Jibu", Lakini Picha Iko Wapi?

Leo tunaongea kuhusu neno moja ambalo sisi tunaojitolea kusaidia wanafunzi hapa Nakivale tunalipokea sana kwenye kundi la masomo. Neno lenyewe ni "Jibu". Hakuna namba ya swali, hakuna jina la somo. Juu yake palikuwa na picha, ila sasa kuna kiboksi chenye ukungu tu, au hakuna kitu kabisa. Baada ya nusu saa mwenye ujumbe anauliza, "Mbona mmekaa kimya?"

Hatukai kimya kwa dharau. Ni kwamba hapo hakuna swali la kujibu. Tueleze kwa nini, halafu tuseme mtu afanye nini.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu "jibu" linaweza kuwa mambo matatu. La kwanza, mtu anaomba: nipeni jibu la swali hili. La pili, mtu anaamrisha: wewe, jibu! Labda anamjibisha mwenzake kuhusu jambo lingine kabisa lililoanza asubuhi. La tatu, mtu analeta: hili ndilo jibu langu, naomba mnisahihishie. Picha ikiwepo, unajua mara moja ni lipi. Ukiona ukurasa wa kitabu, anaomba. Ukiona daftari lenye mwandiko wake, analeta kazi isahihishwe. Picha ikiondoka, hata hilo la kwanza kabisa, yaani huyu mtu anataka nini, halijulikani tena.

Sasa wengine wanasema, "Si mkisie tu? Nyinyi mmesoma." Basi tuchukue mfano mmoja. Dada mmoja anayejiandaa kwa mtihani wa S4 alituma picha ya swali la hesabu, chini yake akaandika neno hilo hilo. Picha haikufunguka kwa mtu yeyote. Tulipomuuliza, akajibu kwa kumbukumbu: "Ilikuwa pembetatu, ina 6 na 8, wanataka upande uliobaki." Hapo tayari tuna maneno mengi kuliko "jibu". Tuna umbo, tuna namba mbili, tunajua kinachotafutwa. Hata hivyo swali bado halina jibu moja.

Tuangalie. Kama pembe ya nyuzi 90 iko katikati ya upande wa 6 na upande wa 8, tunazidisha kila upande kwa wenyewe na kujumlisha: 36 + 64 = 100. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Upande uliobaki ni 10. Hilo ndilo wengi waliandika haraka haraka kwenye kundi, kwa sababu 6, 8 na 10 tumezizoea tangu darasani.

Lakini kama ule wa 8 ndio upande mrefu, unaotazamana na pembe ya nyuzi 90, hesabu inageuka. Hatujumlishi tena, tunatoa: 64 − 36 = 28. Kipeuo cha pili cha 28 ni karibu 5.29. Namba ni zile zile, 6 na 8, jibu ni lingine.

Na kama pembetatu haina pembe ya nyuzi 90 kabisa? Hapo upande uliobaki unaweza kuwa na urefu wowote uliozidi 2 na usiofika 14, kutegemea pande hizo mbili zimefunguka kiasi gani. Pembe kati yao ikiwa nyuzi 60, unapata karibu 7.21. Ikiongezeka, upande unarefuka. Kwa hiyo majibu hayana hesabu.

Kitu kinachoamua ni kile kimraba kidogo sana ambacho mchoraji anakiweka kwenye kona kuonyesha nyuzi 90. Hakina maneno, hakina namba. Kimekaa kwenye picha tu. Dada alipoituma picha tena, kumbe kimraba kilikuwa kwenye kona inayotazamana na upande wa 8. Jibu lilikuwa 5.29. Wale walioandika 10 walijua hesabu vizuri kabisa, ila walijibu swali ambalo hakuna mtu aliyeliuliza. Na si mnajua kundi letu: jibu likishaandikwa, ndani ya dakika chache liko kwenye madaftari ya watu ambao hata hawakuona mjadala. Mtu anaingia nalo kwenye chumba cha mtihani.

Sasa picha huwa inaenda wapi? Wengi wanadhani picha na maneno husafiri pamoja kama barua na bahasha yake. Kwenye WhatsApp sivyo. Ukituma picha, simu yako inaipunguza ukubwa, inaifunga kwa siri, na kuipeleka kwenye mtambo wa kampuni. Kwa mwenzako unakwenda ujumbe mwepesi: maneno yako, kipicha kidogo chenye ukungu, na maelekezo ya kuifuata na kuifungua picha kamili. Simu yake ndiyo inayoifuata, yenyewe au mpaka abonyeze. Ndiyo maana mtu mwenye bando kidogo anasoma "jibu" vizuri lakini picha anaona ukungu. Maneno yamefika, picha bado haijachukuliwa. Akikaa muda mrefu bila kuichukua, kule kwenye mtambo inaondolewa, na akibonyeza anaambiwa amwombe mtumaji aitume tena.

Hata ukishaichukua inaweza kupotea. Ikishapakuliwa, inakaa kama faili kwenye simu yako. Memori ikijaa na ukafuta picha kwenye galari ili upate nafasi, maneno yanabaki kwenye mazungumzo, picha inakuwa imeondoka. Vilevile mtu akituma picha ya kutazamwa mara moja tu, kisha "jibu" kama ujumbe wa pili, ukishaitazama na kuifunga inabaki ile "jibu" peke yake. Na mtu akihamisha mazungumzo ya kundi kuwa faili bila kuchukua picha, kila mahali palipokuwa na picha panaandikwa hivi:

```
<Media omitted>
jibu
```

Hapo hata ukungu hakuna. Ukipewa faili kama hilo ulisome, usipoteze muda kulitafutia maana neno hilo. Swali halimo ndani ya faili.

Basi ufanye nini ukikuta "jibu" bila picha? Kwanza angalia kiboksi. Kikiwa na alama ya mshale wa kupakua, bonyeza ukiwa na mtandao, inawezekana picha bado ipo. Ikikataa, usihangaike kuibonyeza mara kumi. Uliza kwenye kundi kama kuna aliyeifungua mapema, maana kila aliyeipakua ana nakala yake kwenye simu yake. Halafu mwombe mtumaji aangalie kwake. Kwenye simu nyingi za Android, picha ulizotuma zinawekwa kwenye folda ya peke yake ambayo haionekani kirahisi kwenye galari. Fungua sehemu ya mafaili ufuate njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images/Sent
```

Saa zingine mtu anasema "nimeshaifuta" kumbe nakala iko humo.

Kama haipo popote, dawa ni mtumaji kuligeuza swali kuwa maneno. Hapa ndipo wengi wanakwama, wanasema mchoro hauandikiki. Unaandikika. Kila kona ya pembetatu ipe herufi. Taja kona yenye kimraba. Taja urefu ukiwa kati ya herufi mbili. Malizia na kinachotafutwa. Swali la yule dada linaweza kuandikwa hivi:

```
Pembetatu ABC. Pembe B ni 90. AB = 6 sm, AC = 8 sm. Tafuta BC.
```

Soma tena uone. AC ni upande usiogusa B, kwa hiyo ndio unaotazamana na nyuzi 90, ndio mrefu. Hakuna nafasi ya kusema 10. Hakuna anayehitaji kuona mchoro, anaweza kuuchora mwenyewe chini kwa kijiti. Na ujumbe huo haufiki herufi 160, yaani unaenea kwenye SMS moja ya kawaida. Hata mwenzetu mwenye katochi, asiye na bando wala WhatsApp, anaupokea na kuujibu.

Kuna njia rahisi ya kujipima kabla hujatuma. Mpe aliye karibu nawe asome maneno yako bila kuona kitabu, achore anachoelewa. Akichora kitu tofauti na kilichoko kitabuni, kuna kitu umekiacha. Mara nyingi ni ile pembe ya nyuzi 90, au ni machaguo A mpaka D ambayo mtu anasahau kuyanakili.

Tukubali pia kwamba kuna michoro ambayo maneno hayaitoshi. Ramani ya jiografia yenye mistari ya mwinuko, au mchoro wa baiolojia wenye mshale unaoonyesha sehemu fulani ya ua, huwezi kuumaliza kwa SMS. Hapo subiri mpaka upate mtandao, utume picha tena, na chini yake uandike namba ya swali, kitabu na ukurasa. Picha ikipotea tena, mwenye kitabu hicho atalifungua swali lenyewe.

Na sisi upande wetu tumekubaliana jambo moja. Ukituma "jibu" na hatuoni picha, hatutaandika namba yoyote, hata kama mtu anasisitiza. Tutakurudishia maswali matatu: swali linataka nini, lina namba gani, na mchoro una alama gani? Ukiyajibu hayo, hesabu yenyewe ni kazi ya dakika mbili. Na picha yako usiifute mpaka uone mtu ameyaandika maneno ya swali kwenye kundi.