Mchoro mmoja, majibu mawili: fremu ya sola juu ya paa la Umoja

Leo naacha kodi ya tovuti kidogo niwaeleze jinsi mchoro wenye rangi ya kijani ulivyokaribia kunitia hasara.

Ninakaa Umoja, orofa ya juu, na mwenye ploti aliniruhusu kuweka paneli moja ya sola juu ya slabu kwa sharti moja: nisitoboe paa. Kwa hiyo fremu inasimama juu ya matofali mazito ya zege, mbele na nyuma. Nairobi iko kama nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko karibu nyuzi 25 upande wa kaskazini, Desemba liko karibu nyuzi 22 upande wa kusini, na Machi na Septemba liko karibu utosini. Nilitaka mwinamo wa nyuzi 20 kwa Juni na Desemba (watu wawili tunaigeuza fremu), 15 katikati, na 10 wakati jua liko utosini. Chini ya 10 mvua haioshi vumbi vizuri, na vumbi la huku mnalijua.

Nilichora kwa FreeCAD. Ukiitazama fremu kwa ubavu ni pembetatu tu. Bomba la chini limelala, bomba la juu linabeba paneli, na mbele yameunganishwa kwa bawaba. Mguu wa milimita 400 umefungwa kwenye bomba la juu, milimita 900 kutoka kwenye bawaba, na unyayo wake unaingizwa bolti katika tundu mojawapo kati ya matatu ya bomba la chini. Vipimo vyote viko kwenye jedwali, na mchoro mmoja unavisoma. Nikibadilisha `tilt`, mchoro unanipa umbali wa tundu kutoka kwenye bawaba.

Nilianza na 20, nikapata 1101. Nikaweka 15, nikapata 1195. Kisha, kwa udadisi tu, nikaandika 30. Programu ikagoma, na ilikuwa na haki: mguu wa 400 hauwezi kuinua bomba kupita nyuzi 26.4. Nikarudi kwenye 10, mchoro ukawa kijani tena, nikanakili 518 na kumpelekea fundi wa kuchomelea kule Kariobangi.

Fundi akaitazama karatasi, akaweka futi juu ya bomba, akaniuliza: "Kijana, matundu mawili yako huku nyuma, la tatu limekimbilia katikati. Hapo chini kuna tofali?"

Hakukuwa na tofali. Tofali la nyuma linakaa kati ya 1100 na 1300. Mguu ukisimama kwenye 518 pembe bado ni nyuzi 10 sawasawa, lakini uzito wa paneli na msukumo wa upepo vinashukia bomba lisilo na kitu chini yake. Lingepinda.

Kosa lilikuwa langu. Mguu wenye urefu maalumu unaweza kuegemea nyuma au mbele, na pembe isibadilike. Kwa nyuzi 10 majibu ni 1255 na 518, yote sahihi kihesabu. Kadiri unavyokaribia 26.4 majibu hayo mawili yanasogeleana hadi yanakutana, na ukivuka hapo na kurudi, kikokotozi kinaweza kushika lile lingine. Rangi ya kijani inasema hakuna kinachoweza kusogea. Haisemi kwamba jibu ni moja.

Dawa yake ni kutoufunga mchoro kwa urefu wa mguu. Badala yake niliweka umbali wa mlalo, kuanzia kichwa cha mguu kwenda kwenye unyayo wake, kwa usemi huu:

```
sqrt(Spreadsheet.leg^2 - (Spreadsheet.arm * sin(Spreadsheet.tilt))^2)
```

Umbali wa mlalo una mwelekeo, kwa hiyo mguu hauwezi tena kuruka upande wa pili. Urefu wa mguu nimeuacha kama kipimo cha kusomwa tu: lazima useme 400 kila mara, na usiposema hivyo najua nimeharibu kitu. Nikiandika 30, chini ya kipeuo cha pili kunakuwa na namba hasi na usemi hauwezi kutoa umbali halali.

Nilirudi Kariobangi na namba tatu: 1101, 1195, 1255. Zinapungua pembe inapoongezeka, bila kuruka. Siku hizi huo ndio ukaguzi wangu wa kwanza: kabla ya kuchapisha, napitisha pembe kutoka 10 hadi 20, nyuzi moja moja, na namba ikiruka ghafla nasimama.

Fundi alitoboa, akanirudishia karatasi, akasema, "Sasa hii inaeleweka." Paneli iko juu. Tuonane wakati mwingine.