Amana Ndani ya Mkoba: Hesabu ya Usiku wa Kuamkia Safari

Dadangu wa hapa Magogoni ni mfanyabiashara wa mabuibui na mitandio, na kila anapokaribia kwenda Dubai, majirani humkabidhi fedha zao awanunulie bidhaa. Usiku mmoja kabla ya safari alikuja kwangu na mkoba, akaniomba nimsaidie kuhesabu.

Dola 4,000 zilikuwa zake mwenyewe. Jirani wa kwanza alimpa 2,500, mjane mmoja wa mtaa wetu 1,700, na shoga yake 1,200. Jumla ikawa dola 9,400. Kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba mpaka ni dola 10,000, nilimwambia kwa yakini, "Nenda kwa amani, hujafika." Ndipo alipotoa bahasha nyingine. Ndani mlikuwa na shilingi 130,000, ada ya mwana wa jirani anayesoma Sharja, ambazo hakuwahi kuzibadilisha.

Nilizidharau, nikidhani shilingi hazihesabiwi. Nilikosea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inamtaka mtu anayeingia au kutoka nchini na zaidi ya dola 10,000, au thamani yake kwa sarafu yoyote, atoe taarifa kwa afisa wa forodha. Kwa bei ya siku ile, shilingi 129 kwa dola, bahasha ile ilikuwa kama dola 1,008. Ukiongeza 9,400, unapata 10,408. Dadangu alikuwa amevuka mpaka bila kujua.

Alisema, "Kaka, lakini hizi si zangu zote. Kila mwenye fedha hakufika hata nusu." Hoja yake ilikuwa na sura ya haki, ila sheria haiulizi fedha ni za nani, inatazama aliyezibeba. Akashauri basi dola 2,000 awekewe bintiye wa miaka 15 waliyekuwa wakisafiri pamoja. Hapo nilimkataza. Afisa akiona mkoba mmoja umegawanywa kwa mama na mtoto, swali lake la kwanza litakuwa ni kwa nini. Na huko Dubai mpaka ni dirham 60,000, takriban dola 16,300, lakini fedha za mtoto aliye chini ya miaka 18 huongezwa kwenye hesabu ya mzazi wake. Vito na dhahabu pia huingia humo, jambo la kukumbuka kwa wanawake wanaosafiri na mapambo mengi.

Jambo lililoniogofya zaidi ni hili: fedha zisizotangazwa, au zilizotangazwa kwa uongo, afisa anaweza kuzizuia huku akitafuta amri ya mahakama. Dola 1,700 za mjane zingekwama pamoja na zile nyingine, na yeye hajui lolote la forodha.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuziacha shilingi zile nyumbani, ada ikatumwa kwa benki moja kwa moja hadi chuoni. Angebaki na 9,400 na asingelazimika kutangaza. Lakini ada ilikuwa na tarehe ya mwisho iliyokaribia mno. Tukachagua ya pili, kutangaza.

Usiku huo tuliandika karatasi moja: jina la kila mwenye fedha, kiasi chake, kazi yake, na sahihi yake asubuhi kabla ya kuondoka. Tuliambatanisha risiti za duka la kubadilishia fedha, barua ya ada ya chuo, na risiti za bidhaa za safari iliyopita. Nilimwonya asiseme "biashara" tu akanyamaza. Aeleze fedha zimetoka wapi, zinakwenda kufanya nini.

Alifika uwanja wa ndege wa Moi mapema, akawaendea maafisa wa forodha mwenyewe kabla ya kuulizwa, akaijaza fomu, fedha zikahesabiwa mbele yake. Hakutozwa kodi, kwani kutangaza si kulipia. Aliomba nakala yenye muhuri, akaiweka pamoja na pasipoti. Nilimwambia asiitupe: benki zetu huuliza maelezo mtu anapoweka au kutoa zaidi ya shilingi milioni 1 taslimu, na nakala hiyo ni jibu tayari.

Aliporudi, mjane yule alipata mitandio yake na karatasi ya hesabu yake. Mimi nilibaki na funzo langu: nilimwambia "hujafika" kabla ya kuuona mkoba wote. Leo akinijia msafiri kuuliza, kwanza namwomba afungue bahasha zote, za dola na za shilingi, tuzijumlishe pamoja.