Mpangaji wa Jina

Mama Mdogo alinitumia mkataba kwa WhatsApp, picha arobaini na sita, nyingine zimepigwa kichwa chini. Chini yake ujumbe mmoja wa sauti: "Mwanangu, wewe ndiye umesoma. Nitafsirie hiki kitu, Ijumaa nasaini."

Ilikuwa Jumamosi. Mama Mdogo anakaanga kuku Msamvu, Morogoro, kwa miaka kumi na nne sasa. Madereva wa mabasi wanamjua, makonda wanamkopa. Kampuni moja ya nje yenye maduka ya kuku wa kukaanga ilikuwa imemfuata: afungue duka lao, jina lao, rangi zao, viungo vyao. Kwa Kiingereza mpango huo unaitwa franchaizi. Kwenye kipeperushi walichomwachia, kilichoandikwa kwa Kiswahili kizuri tu, yeye aliitwa "mbia".

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimewahi kutafsiri hotuba, ripoti, hata hadithi fupi mbili. Nikajisemea, mkataba ni maneno tu kama maneno mengine. Nikaanza na hilo hilo la kipeperushi: kampuni nikaiita Mwenye Chapa, Mama Mdogo nikamwita Mbia. Nilikwenda nalo vizuri hadi ukurasa wa thelathini na moja, nikakutana na kifungu kinachosema kwamba hakuna chochote ndani ya mkataba huu kitakachozifanya pande mbili kuwa wabia. Nikawa nimeandika sentensi inayosema kwamba Mbia si mbia.

Kifungu hicho ni cha kawaida, kipo karibu katika kila mkataba wa namna hii. Maana yake ni kwamba duka likipata hasara, hasara ni ya mwenye duka peke yake. Ikabidi nirudi mwanzo kutafuta neno jingine. Neno lenyewe la franchaizi halikunisaidia, maana asili yake ni Kifaransa cha kale, na lilihusu kuwa huru. Mwisho nilimpigia mwenyewe nikamweleza bila istilahi: jina ni lao, wewe unalitumia kwa miaka mitano, unalipa, muda ukiisha unalirudisha.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mimi ni mpangaji."

Nikafuta Mbia kote, nikaandika Mpangaji wa Jina. Kuanzia hapo alianza kuuliza maswali ya mtu aliyewahi kupanga chumba: kodi kiasi gani, nani anapaka rangi, mwenye nyumba akinitoa nakwenda na nini.

Kodi ilikuwa ya aina tatu. Kiingilio cha milioni 30, kinalipwa mara moja na hakirudi. Mrabaha wa asilimia 6 kila mwezi. Na mchango wa matangazo, asilimia 3. Neno mrabaha wasomaji wa hapa wanalijua, maana ndilo linalomhusu mwandishi wa kitabu. Mwandishi analipwa kwa kila nakala iliyouzwa, mchapishaji apate faida asipate. Hapa ni vilevile, isipokuwa safari hii Mama Mdogo amekaa kwenye kiti cha mchapishaji. Asilimia zote mbili zinakatwa kwenye mauzo yote baada ya kutoa VAT, kabla hajanunua hata lita moja ya mafuta. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "asilimia 9 ya mapato". Kwa masikio ya mfanyabiashara wa Msamvu, mapato ni kile unacholala nacho usiku. Nikabadili: "asilimia 9 ya fedha zote zilizoingia kwenye droo, kabla ya kutoa gharama yoyote."

Tukakaa na daftari lake kwenye simu. Kampuni ilimkadiria mauzo ya milioni 20 kwa mwezi. Kuku, mafuta, gesi na vifungashio vinakula kama asilimia 60, yaani milioni 12. Pango la fremu, mishahara na umeme, milioni 5, zinalipwa uuze usiuze. Zinabaki milioni 3. Toa asilimia 9 ya milioni 20, ambayo ni milioni 1.8. Anabaki na milioni 1.2. Si haba. Halafu tukafanya Januari, wazazi wakiwa wamelipa ada za shule na hakuna anayekula kuku wa dukani. Mauzo milioni 15. Vitu vinavyoliwa na mauzo, milioni 9. Zile 5 hazipungui. Inabaki milioni moja. Asilimia 9 ya milioni 15 ni milioni 1 na elfu 350. Amefanya kazi mwezi mzima anadaiwa laki tatu na nusu. Bila ada hizo, duka lingejilipa kwa mauzo ya milioni 12.5. Pamoja na ada, linahitaji zaidi kidogo ya milioni 16. Tofauti hiyo yote ilijificha kwenye neno "mapato", na mimi ndiye nilikuwa nimeliandika.

Viwango vya chapa vilinipa shida nyingine. Mkataba wenyewe unavitaja kwa kurasa mbili tu: rangi ya ukuta, sare, vipimo vya vipande, wauzaji wa viungo walioidhinishwa. Mengine yote yamo kwenye Kitabu cha Uendeshaji, ambacho Mpangaji atapewa akishasaini, na ambacho Mwenye Chapa anaweza kukibadilisha. Anaweza lini? Kiingereza kina msemo wake hapo, na wengi wetu tunauandika "mara kwa mara". Nami niliandika hivyo bila kufikiri. Lakini kwetu mara kwa mara ni kitu kinachotokea tena na tena, kama mgao wa umeme. Msemo ule hauhesabu mara. Unasema wakati wowote atakaoona inafaa, iwe mara moja kwa miaka mitano au kila mwezi. Nikaandika: "Mwenye Chapa ataweza kubadilisha Kitabu wakati wowote atakaoona inafaa, na Mpangaji atatakiwa kufuata kwa gharama zake."

"Hata wakisema nibadilishe majiko?" aliuliza.

Hata majiko. Niliitafuta sentensi inayoweka kikomo, sikuiona.

Mafunzo nilidhani yangekuwa sehemu rahisi. Kipeperushi kilisema "mafunzo yatatolewa". Kitenzi cha kutendwa ni kizuri kwa kumficha mlipaji. Mkataba haukusema Mwenye Chapa atafundisha. Ulisema ataandaa mafunzo ili yapatikane. Watu wawili, wiki mbili, kwenye duka lao la mfano lililo nje ya nchi. Nauli, malazi, chakula na mishahara ya wanafunzi hao ni juu ya Mpangaji. Msimamizi aliyefundishwa akiacha kazi, mwingine lazima apelekwe ndani ya siku 60, na safari hii hata ada ya mafunzo inalipwa. Mama Mdogo akacheka. Vijana wake wanakaa miezi minane, akikaa sana mwaka. Nikaipanga upya sentensi ili kila tendo liwe na mtendaji: nani anafundisha, nani anasafiri, nani anatoa fedha. Ilikuwa ndefu na mbaya, lakini ilieleweka.

Kwenye kifungu cha kuongeza muda niliandika kichwa cha "Kuhuisha Mkataba". Neno zuri, lina uhai ndani yake. Ukihuisha kitu, kinaendelea kuwa kilekile. Kifungu chenyewe kilisema vingine. Mpangaji anaweza kuomba miaka mitano mingine iwapo atatoa taarifa si chini ya miezi sita kabla, hajavunja sharti lolote, amekarabati duka kwa viwango vya wakati huo, amelipa ada ya kuongeza muda, na amesaini mkataba utakaokuwa ukitumika wakati huo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mkataba utakaokuwa ukitumika miaka mitano ijayo leo haujaandikwa. Asilimia 6 inaweza kuwa 8, na yeye atakuwa ameshamwaga fedha kwenye vigae na majiko. Hapo pia neno letu "anaweza" lilinisumbua, kwa sababu linabeba uwezo, ruhusa na labda, yote kwa pamoja. Mama Mdogo alisikia haki. Nikaandika "ataruhusiwa kuomba", nikaongeza kwamba kukubaliwa kunategemea masharti matano yafuatayo. Kichwa nikakiita "Kuomba Mkataba Mpya".

Nilifika kwenye vifungu vya kutoka Jumatano usiku. Mwenye Chapa anaweza kusitisha mkataba malipo yakichelewa siku 14 baada ya onyo. Mpangaji hana kifungu cha kuondoka kabla ya miaka mitano. Akitaka kutoka, atafute wa kumuuzia, na Mwenye Chapa amkubali huyo mnunuzi. Siku ya kutoka anashusha bango, anapaka rangi nyingine, anarudisha Kitabu na kukabidhi namba ya simu ya duka. Kisha, kwa miaka miwili, hataendesha wala kuwa na maslahi katika biashara inayofanana ndani ya kilomita kumi.

Niliitafsiri sentensi hiyo haraka, ilikuwa nyepesi. Nikaisoma tena. Biashara inayofanana ilikuwa imeelezwa ukurasa wa tatu: chakula ambacho sehemu yake kubwa ni kuku wa kukaanga. Kilomita kumi kutoka katikati ya Morogoro ni Msamvu na kila mahali anapojulikana. Kibanda chake cha miaka kumi na nne kingehesabiwa ni mshindani wa jina alilolikodi jana. Na kwa kuwa kifungu kilihusu pia muda wote wa mkataba, kibanda kilitakiwa kifungwe siku ya kusaini.

Nilimpigia saa tano usiku. Nikasoma taratibu, bila kueleza. Aliniambia nirudie. Kisha akasema, "Sasa nikiondoka kwao, kuku nitamkaangia wapi?"

Afrika Kusini wana sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 inayotaka mikataba ya franchaizi iandikwe kwa lugha inayoeleweka, na inampa aliyesaini siku 10 za kazi kujitoa bila adhabu. Kwetu, tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, lakini mkataba wa watu wawili bado unaweza kuandikwa kwa Kiingereza. Huu ulisema hivyo wazi kwenye kifungu cha mwisho: tafsiri yoyote ni ya kusaidia kuelewa tu, na maneno yakigongana, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa. Kwa hiyo kazi yangu yote ya siku tano haikuwa na nguvu yoyote kisheria. Nilimwambia hilo pia, na nikampa namba ya wakili.

Ijumaa hakusaini. Kupitia wakili aliomba mambo matatu: Kitabu akisome kwanza, kibanda cha Msamvu kitolewe kwenye katazo, na mrabaha usikatwe mwezi ambao mauzo hayafiki milioni 16. Wiki mbili baadaye kampuni ilikubali la kwanza na la pili, kwa kiambatisho cha ukurasa mmoja. La tatu walikataa.

Kiambatisho nacho kilikuja kwa Kiingereza, kwa WhatsApp, kichwa chini. Nilikitafsiri siku hiyohiyo. Alikisoma, akafungua daftari lake, akahesabu miezi ya mwaka uliopita iliyokuwa kama Januari. Ilikuwa minne.

"Waambie asante," alisema. "Jina ninalo."