Kuvuka Benchi

Basi la Moshi lilinichukua Kifaru alfajiri, nikiwa na begi moja na bahasha ya karatasi kumi na nne. Upepo wa kutoka upande wa Nyumba ya Mungu ulikuwa umevuma usiku kucha, na nilipojipangusa shingoni leso iligeuka rangi ya udongo. Nakumbuka nilicheka peke yangu. Mtu wa Kifaru anasafiri kwenda Dar es Salaam kufundisha watu wasiingie na vumbi!

Karatasi zile zilikuwa tafsiri yangu ya kwanza ya kiwandani. Kiwanda kidogo cha dawa, ambacho sitakitaja jina, kilitaka utaratibu wake wa kuvaa mavazi ya chumba kisafi uandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu wafanyakazi wengi walikuwa wakiukariri Kiingereza chake kama dua. Kazi niliifanya nyumbani, mezani, mlango ukiwa wazi na kuku wakipita. Chumba chenyewe sikuwahi kukiona, na makosa yangu karibu yote yalizaliwa hapo.

Kuanzia Mwanga hadi mikonge ya Kisangara nilikuwa nasoma. Tulipopita Same jua lilikuwa limeshapanda milima ya Upare, nami nikawa nimekwama kwenye jedwali la madaraja. Kiwanda kile hujaza matone ya macho, dawa ambayo haichemshwi tena ikishaingia kwenye chupa. Kwa hiyo mahali chupa inapojazwa ni Daraja A, na chumba kinachopazunguka ni Daraja B. Kwa Daraja A, kila mita moja ya ujazo ya hewa isizidi chembe 3,520 zenye ukubwa wa nusu mikroni au zaidi. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni kama sabini, basi pima mwenyewe udogo wa chembe hizo.

Daraja B lina tarakimu mbili: 3,520 na 352,000. Ya kwanza ni ya hali ambayo Kiingereza hukieleza chumba kana kwamba kimepumzika, ya pili ni ya wakati wa kazi. Mimi niliandika “wakati wa mapumziko”. Niliridhika nayo kabisa mpaka Makanya, abiria wa pembeni aliposhuka kununua chai na kondakta akatangaza mapumziko ya dakika kumi. Nikashtuka. Mfanyakazi akisoma maneno yangu ataelewa kwamba hewa ipimwe saa ya chai, watu wametoka sasa hivi, mlango umefunguliwa mara ishirini, chembe walizoacha bado zinaelea. Maana halisi ni kwamba mitambo imesimikwa yote na iko tayari, feni zinavuma, ila ndani hakuna mtu. Nilifuta kwa kalamu nikaandika: “mitambo ikiwa tayari, watu wakiwa hawamo”. Ni ndefu, lakini haimpeleki mtu kwenye chai.

Tofauti ya tarakimu zile mbili ndiyo iliyonifundisha nguo ni za nini. Kutoka 3,520 hadi 352,000 ni mara mia moja, na kilichoongezeka chumbani hasa ni watu na shughuli zao. Ngozi yetu inapukutika mchana kutwa, na vijidudu husafiri juu ya magamba hayo. Ovaroli ile haimkingi mfanyakazi na dawa. Inaikinga dawa na mfanyakazi.

Asubuhi iliyofuata nilipokelewa na msimamizi wa ubora, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alisema, “Mwalimu, karatasi yako nimeisoma. Kiswahili kizuri. Lakini sisi hapa hatuijaribu karatasi kwa macho, tunaijaribu kwa miguu.” Akaita vijana watatu walioajiriwa mwezi huo, akampa kila mmoja nakala, akatuingiza kwenye chumba cha mazoezi.

Katikati ya chumba, kutoka ukuta hadi ukuta, kuna benchi la chuma lisilopita mtu chini yake. Upande wa huku sakafu inahesabiwa chafu, ingawa ni nyeupe kuliko sahani zangu. Upande wa kule ni safi. Hatua ya sita niliandika: “Ruka benchi.”

Kijana wa kwanza alirudi nyuma kidogo, akaruka. Akatua kwa miguu yote miwili, puu, wenzake wakacheka. Wa pili hakuruka. Alisoma, akalitazama benchi, akaendelea na hatua ya saba: akavaa buti za kitambaa akiwa bado upande mchafu, ndipo akapanda benchi na kushuka ng'ambo kwa buti zilezile. Msimamizi alimuuliza mbona amefanya hivyo. “Karatasi imesema niruke benchi, mama. Nikaliruka, kama unavyoruka swali gumu kwenye mtihani.”

Sikuwa na la kujitetea. Neno moja, maana mbili, na zote mbili mbaya. Anayeruka hutimua vumbi la sakafu, na anayeiruka hatua huingiza uchafu wa upande mmoja hadi upande wa pili chini ya nyayo zake.

Msimamizi alikaa benchini akatuonyesha. Unakaa, unavika buti mguu mmoja ukiwa hewani, unaupitisha mguu huo juu ya benchi na kuukanyagisha upande safi. Kisha wa pili vivyo hivyo. Hakuna mguu uliovikwa unaorudi huku. Niliandika upya palepale, hatua moja ikawa nne, na kitenzi kikawa “vuka”.

Kuanzia hapo nilikoma kuitegemea kamusi. Sehemu ya kuingiza kingo za kofia ndani ya kola nilikuwa nimeizungushia sentensi nzima, kijana wa tatu akasema, “Si kuchomekea tu, Mwalimu?” Kweli, kila aliyesoma shule ya msingi alishaambiwa achomekee shati. Glavu za pili zilinisumbua zaidi. Niliandika zivaliwe “juu ya mkono”, na mkono kwetu ni kiganja, ni kitanga hadi bega, na pia ni sehemu ya nguo. Tukaafikiana: “Vuta glavu mpaka ifunike ukingo wa ovaroli, ngozi isionekane.”

Kabla sijaondoka niliomba nivae mwenyewe kwa kufuata karatasi yangu. Nilitumia dakika ishirini na tano. Ovaroli unaikusanya mikononi kama mtoto anayefungwa nepi, ili miguu yake isiburute chini. Nilipomaliza, msimamizi alinibandika kifuani na kwenye mikono vijisahani vyenye chakula cha vijidudu, kisha akaniambia nikandamize vidole vitano vya kila glavu kwenye sahani nyingine. Mfanyakazi wa Daraja B hupimwa hivyo, kwa desturi afaulu mara tatu mfululizo ndipo aruhusiwe kuingia, na alama za glavu moja zisioteshe zaidi ya makundi matano. Sahani hukaa siku kadhaa kwenye joto kabla ya kuhesabiwa, kwa hiyo matokeo yangu yalinikuta nyumbani.

Nilikuwa nimesimama barabarani Kifaru simu ilipoita. “Mwalimu, kifua hakikuota kitu. Mkono wa kushoto, sifuri. Vidole vya kulia, tisa.”

Nilijua mara moja. Nilipokuwa nimeshavaa kila kitu, barakoa iliniwasha puani, nikaisogeza kidogo. Nilirudi ndani, nikafungua faili, na chini ya hatua ya mwisho nikaongeza: “Pua ikiwasha, iache iwashe.”