Nilihama Idara, Sikumhama Bosi

Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mfanyakazi anayetaka kuhama idara ndani ya kampuni ileile, na ambaye hana ugomvi na bosi wake. Mwenye ugomvi ana njia zake za kiutawala na za kisheria. Hizo sizigusi hapa. Mimi nilikuwa karani wa malipo katika idara ya fedha ya kampuni moja ya Dar es Salaam inayoagiza vifaa vya ujenzi kutoka nje. Leo ni afisa ununuzi katika kampuni hiyohiyo, na aliyekuwa meneja wangu, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama, bado hunipigia simu akitaka maelezo ya bei kabla hajaidhinisha malipo.

Kazi ya dawati la malipo ni kulinganisha karatasi tatu: oda tuliyompa msambazaji, hati ya kupokea mzigo kutoka ghalani, na ankara anayotudai. Zikikubaliana, unalipa. Mara nyingi hazikubaliani, na kila nilipofuatilia nilikuta tatizo limeanzia siku oda ilipoandikwa: bei ilikubaliwa kwa simu, au gharama ya usafiri haikutajwa kabisa. Nikaanza kutamani kukaa pale bei zinapokubaliwa. Kwa kuwa nchini Tanzania kazi ya ununuzi inasimamiwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, nilijiandikisha kwa mitihani ya bodi hiyo nikiwa bado idara ya fedha. Kisha tangazo la ndani likabandikwa: afisa ununuzi mmoja anastaafu mwisho wa Juni.

Kabla sijaandika chochote, na kabla sijaongea na mkuu wa ununuzi, nilimwendea Mama. Sikutaka alisikie kwenye foleni ya chakula. Nilimwamkia, nikaomba dakika chache, nikamweleza. Aliuliza swali moja: “Nimekukosea nini?”

Swali hilo ndilo lililonifundisha namna ya kuandika. Mfanyakazi anayeomba kuhama anafikiria kazi anayoifuata. Bosi anayeombwa anasikia kwamba anaachwa, na anajua kuwa kesho yake mkurugenzi atamuuliza kwa nini watu wanaondoka kwake. Nilimjibu, “Hujanikosea, Mama. Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza bei imetoka wapi. Nataka kwenda kuliuliza hilo mapema.” Akanyamaza, halafu akasema, “Lete barua. Lakini iandike kwa namna ambayo nikiulizwa kule juu nitakuwa na jibu.”

Hapo nikaelewa kwamba barua ile ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni bosi wako. Wa pili ni yule ambaye bosi atampelekea, na mbele yake ataitetea akiwa peke yake, wewe hupo. Halafu itaingia kwenye faili lako na kukaa humo miaka. Kwa hiyo mengine niliyaacha kwenye mazungumzo. Kwamba nilikuwa nimechoshwa na usiku wa kufunga hesabu, Mama alikuwa analijua. Kuliandika kungeifanya idara yake ionekane mahali pa kukimbiwa. Mwenzangu mmoja alinishauri nitaje kwamba sijawahi kupandishwa cheo. Ni kweli sikuwahi, lakini hilo ni lalamiko, na lalamiko lina barua yake. Ukilichanganya na ombi, unapata jibu la lalamiko na ombi linakosa jibu.

Barua yenyewe, nikiondoa anwani na majina, ilikuwa hivi:

Kwa Meneja wa Fedha.

YAH: OMBI LA KUHAMIA IDARA YA UNUNUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu, pamoja na mazungumzo yetu ya wiki iliyopita.

Naomba kuhamia Idara ya Ununuzi, katika nafasi ya Afisa Ununuzi iliyotangazwa ndani ya kampuni, kuanzia Julai 1 au tarehe nyingine utakayoona inafaa.

Katika dawati la malipo ulinifundisha kutolipa ankara yoyote kabla sijajua bei yake ilitoka wapi. Kufuatilia bei hizo ndiko kulikonifanya nianze masomo ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na sasa natamani kuifanya kazi hiyo pale oda zinapoandikwa.

Nimependekeza Julai kwa sababu kufikia wakati huo ukaguzi wa hesabu na ritani ya kodi ya mapato ya Juni 30 vitakuwa vimekamilika. Kabla ya kuondoka nitamaliza ankara zenye mvutano, na zitakazobaki nitaziandikia maelezo moja moja. Nitaandika pia hatua za kazi ya dawati tangu ankara inapopokelewa hadi inapolipwa. Vilevile nitafunga hesabu za mwezi mmoja huku atakayenipokea akiangalia, na za mwezi unaofuata atafunga yeye nami nikiangalia. Nani anipokee ni uamuzi wako.

Endapo idara haitaweza kuniachia kwa sasa, nitaendelea na majukumu yangu kama kawaida, na nitaomba tulizungumze tena nafasi nyingine itakapotokea.

Nashukuru kwa yote niliyojifunza chini ya uongozi wako.

Wako mtiifu.

Ona kwamba ombi lipo katika sentensi ya mwanzo baada ya salamu za kiofisi. Bosi akilazimika kusoma sifa zake nusu ukurasa kabla ya kujua unataka nini, atadhani unamlainisha. Shukrani niliiweka ndani ya sababu, na nikaifunga na jambo moja la kweli ambalo yeye mwenyewe alilifanya. “Umekuwa kama mzazi kwangu” ni sentensi inayoweza kuandikwa kwa bosi yeyote, kwa hiyo haimgusi huyu.

Sehemu ndefu kuliko zote inahusu pengo nitakaloliacha, nami nilikusudia iwe hivyo. Kampuni yetu hufunga mwaka Desemba, kwa hiyo miezi ya kwanza tunakuwa na wakaguzi, na ritani ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia Juni 30. Kila mwezi pia una tarehe zake: kufikia tarehe 7 kodi ya mishahara ya mwezi uliopita iwe imelipwa, na kufikia tarehe 20 ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani iwe imewasilishwa. Barua nilimkabidhi mkononi baada ya tarehe 20 ya Aprili, kabla hekaheka za kufunga mwezi hazijaanza. Ombi lilelile likifika tarehe 18 linasomwa na mtu anayetafuta ankara zilizopotea. Kila idara ina siku zake za namna hiyo, na anayefanya kazi humo anazijua.

Sikumpelekea nakala afisa rasilimali watu. Nilimwachia Mama aipeleke mwenyewe na maoni yake. Zipo ofisi, hasa za serikali, ambako utaratibu unataka barua iende kwa mkuu wa taasisi kupitia kwa mkuu wa idara, naye aandike maoni yake juu yake. Ukiwa huko, fuata utaratibu huo, lakini mazungumzo yatangulie. Mkuu wa idara asikutane na habari kwa mara ya kwanza wakati anaombwa kuipitisha.

Mama aliikalia barua kwa muda. Sikumuuliza kila asubuhi. Niliendelea kufunga hesabu. Aliponiita alikuwa amebadilisha jambo moja: Julai 1 aliifuta, akaandika Julai 21. Alitaka ritani ya tarehe 20 ipite nikiwa bado mezani, kwa kuwa ankara za manunuzi ndizo zinazoonyesha kodi ya kurejeshwa, na mrithi wangu alikuwa bado mgeni. Nilikubali. Yale maneno “au tarehe nyingine utakayoona inafaa” yalikuwa yamewekwa kwa ajili hiyo: bosi apate mahali pa kuweka mkono wake, uhamisho uwe wake pia.

Kulikuwa na jambo ambalo barua haikulitaja, na Mama ndiye aliyelileta. Mtu anayeagiza bidhaa hapaswi kuwa ndiye anayezilipia, maana hapo mlango wa wizi unakuwa wazi hata kama mwenyewe ni mwadilifu. Alisema haki zangu za kuingia kwenye mfumo wa malipo zitafungwa jioni ya Julai 20, na kwamba hata dawati likikosa mtu sitaitwa kulishika. Nikaomba hilo liandikwe kwenye hati ya makabidhiano, tukasaini wote watatu: yeye, mrithi wangu na mimi. Kwa hiyo ahadi ya kuendelea kusaidia idara ya zamani iwe na mpaka. Mimi najibu maswali, mfumo siugusi. Anayehama kwenda idara isiyo na mgongano huo anaweza kuahidi zaidi, lakini naye aweke tarehe ya mwisho, la sivyo atajikuta na kazi mbili na mshahara mmoja.

Jambo la mwisho lilikuwa karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na maelezo hayo yakibadilika, yarekebishwe kwa kushauriana naye na ajulishwe kwa maandishi. Nilipata barua yenye cheo kipya, majukumu mapya na mshahara uleule. Niliuliza pia kama nitawekwa tena kwenye kipindi cha majaribio, na jibu la hapana likaandikwa humo. Uhamisho wa mdomo ni mzuri hadi aliyeutamka atakapoondoka.

Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi na Mama tunahitajiana kila wiki, kwa sababu kila oda ninayoandika inaishia mezani kwake. Lau ningempita na kwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, huenda ningepata nafasi ileile, lakini kila malipo ya wasambazaji wangu yangepita kwa mtu niliyemdhalilisha.

Nawe unayetaka kuhama, ukimaliza kuandika barua yako isome ukiwa umekaa kwenye kiti cha bosi wako. Kama hujaona humo nani atafanya kazi yako Jumatatu utakayokuwa hupo, usiipeleke bado.