Mashine Ilipokesha Ikirenda

Waliofunga ndoa Dar es Salaam miaka ya 2003 na 2004 wataikumbuka ahadi yetu sisi mafundi video: "Njooni baada ya wiki mbili." Walikuja, wakarudishwa, wakaja tena. Wengi waliamini tunawazungusha, na wapo waliozungushwa kweli, lakini sehemu kubwa ya muda ule ilimezwa na mashine.

Kazi ilianza na kaseti za MiniDV, zile ndogo za kukaa kiganjani, kila moja dakika 60, na kuziingiza kwenye kompyuta kulichukua dakika 60 zilezile, kwa kuwa kamera ilizicheza kwa mwendo wake wa kawaida huku waya ukisafirisha picha. Ukiwa na kaseti za sendofu, za kanisani na za ukumbini, siku ilikwisha kabla hujakata hata kipande kimoja. Saa moja ya picha ilikula takriban gigabaiti 13 za diski. Ndipo yakaja madoido, kwa sababu harusi isiyo na madoido haikuhesabiwa kuwa imehaririwa: moyo unaofunguka, njiwa wanaoruka, maua yanayodondoka juu ya Bi harusi akishuka garini kwa mwendo wa pole. Tulipanga, tukabonyeza, mstari wa bluu ukaanza kutambaa, feni ikanguruma, chumba kikanuka vumbi lililopata moto, nasi tukazima kioo, tukafunga duka na kuiacha mashine ikeshe peke yake.

Umeme ukikatika saa tisa usiku, unaanza upya.

Hata hivyo hesabu yake ilikuwa nyoofu. Video yetu ilikuwa na picha 25 kwa sekunde, hivyo wimbo mmoja wa dakika nne ulikuwa picha 6,000. Mashine yetu ikitumia sekunde mbili kudondosha maua juu ya kila picha, hizo ni sekunde 12,000, yaani saa tatu na dakika ishirini. Nyimbo mbili, mara mbili. Mashine iliimaliza picha moja, ikaiandika kwenye diski, ikaisahau, ikashika nyingine. Ubora nao ulikuwa na sababu unayoweza kumweleza mteja. Diski ya DVD ilibeba gigabaiti 4.7, saa moja ilikaa humo kwa raha, lakini mzee aking'ang'ania saa tatu zote za hotuba na muziki ziingie kwenye diski moja, kila sekunde ilibaki na theluthi tu ya nafasi yake, na taa za disko zikageuka miraba miraba. Ukirenda tena leo au kesho, kwa mipangilio ileile, unapata miraba ileile.

Sasa nahariri matangazo mafupi, na baadhi yake hayajapigwa na kamera yoyote. Unaandika maelezo. Unasubiri. Video inatoka.

Chukua mfano wa Wan 2.1, modeli ya akili mnemba ambayo kampuni ya Alibaba iliitoa mwezi Februari 2025 ili yeyote aipakue. Watengenezaji wake wenyewe wanaeleza kwamba toleo lake dogo, kwenye kadi ya michoro ya RTX 4090, hutumia takriban dakika nne kutengeneza video ya sekunde tano yenye ubora wa 480p. Kadi hiyo ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa dola 1,599. Nilipopiga hesabu za zamani nilicheka peke yangu: sekunde tano za maua yetu zilikuwa picha 125, kwa sekunde mbili mbili, nazo pia ni dakika nne na kidogo. Miaka ishirini, na mhariri bado ana muda wa kwenda kunywa chai.

Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na Bi harusi tayari, tukaongeza maua. Modeli hii haina kitu. Inaanza na chenga tupu, kama za televisheni iliyopoteza stesheni, kisha inazisafisha hatua 50 hadi mtu na gari vinajitokeza. Kila hatua inafanywa mara mbili, mara moja kwa kufuata maelezo yako na mara moja bila kuyafuata, ili tofauti ya majibu hayo iisukume picha kuelekea unachotaka. Hapo umeshapita kwenye modeli nzima mara 100.

Kinachouma zaidi ni urefu. Video hiyo ya sekunde tano inakunjwa kuwa vipande 32,760, na kila kipande hutazama vingine vyote, ili gauni jeupe la sekunde ya kwanza libaki jeupe sekunde ya tano. Panda kutoka 480p hadi 720p, vipande vinakuwa 75,600. Ni kama mara 2.3 tu zaidi, lakini kazi ya kutazamana inapita mara tano. Ukirefusha video mara mbili, kazi hiyo inakaribia mara nne. Tena mashine haiwezi kumaliza picha moja na kuisahau. Video yote lazima iwe kwenye kumbukumbu ya kadi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana huduma nyingi zinakupa vipande vya sekunde chache, na hata Veo 3 ya Google ya mwaka 2025 ilikuja na vipande vya sekunde nane. Simulizi ndefu inaungwa vipande, na kwenye maungio sura ya mtu huponyoka.

Ubora ndio umepoteza unyoofu wake. Zile chenga za mwanzo zinapangwa na namba ya bahati, na namba nyingine inazaa video nyingine kabisa, hata kama hujagusa neno. Vitu vidogo vinaumia kwanza, kwa kuwa kila kipande kinasimamia mraba wa nukta 16 kwa 16, na uso wa mgeni aliyeketi nyuma unagawiwa vipande viwili au vitatu tu. Kwa hiyo usimwangalie Bi harusi, atapendeza. Angalia nyuso za nyuma, vidole vinavyopishana, nyayo zinazoteleza juu ya sakafu, na maandishi ya kanga, ambayo hutoka kama herufi za lugha isiyo na wenyewe.

Na video mbovu inagharimu sawa na nzuri. Ikifaa moja kati ya nne, zile dakika nne zimekuwa 16. Kwa kadi yako mwenyewe, inayokula hadi wati 450, hiyo ni takriban uniti 0.12 ya umeme, si kitu; fedha imelala kwenye kadi na kwenye siku yako ya kazi. Kwa kadi ya kukodi au huduma ya kulipia kwa sekunde, kila jaribio lina risiti.

Siutamani usiku ule wa vumbi na umeme wa mashaka. Kijana asiye na kamera wala gari la kukodi leo anaweza kuonyesha wazo lake kabla ya magharibi, jambo ambalo sisi tungelihitaji bajeti ya filamu kulifanya. Ila tulichokisubiri tulikijua.

Kama unaanza kazi hii, jaribu maelezo yako kwanza kwa video fupi ya ubora mdogo, andika namba ya bahati ya kila iliyokubalika, na ukumbuke kwamba ukibadilisha ukubwa, namba ileile haitakurudishia video ileile. Mteja akiuliza bei, mhesabie pamoja na majaribio yatakayotupwa. Na akitaka harusi yake yenyewe, mpigie kwa kamera.