Kumpongeza Mwenzetu Aliyepandishwa Cheo



Jumamosi moja jioni habari ilifika katika kundi la WhatsApp la walimu: mama mmoja aliyefundisha darasa la 6 kwa miaka mingi alikuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa shule ya msingi hapa Bukavu. Pongezi zikaanza kumiminika. Kijana mmoja tuliyemfundisha ualimu, ambaye zamani alifanya mazoezi ya kufundisha katika darasa la mama huyo, aliandika hivi:

«Felisitasyo Mama Bosi!!! Mungu halale! Hatimaye! Wenye wivu walale na viatu. Usitusahau kule yulu, tunangoja sukre.»

Mama aliwajibu wengi kwa maneno. Kijana huyu aliambulia alama ya kidole gumba tu. Jumatatu alitujia na simu mkononi, akasema: «Baba Mwalimu, nimekosa nini? Mimi nilifurahi kweli.»

Tulimsadiki. Furaha yake ilikuwa ya kweli, ila maneno aliyoyachagua hayakuibeba. Tukaketi naye tukayasoma moja baada ya jingine, kama tunavyosahihisha daftari la mwanafunzi.

Neno «bosi» ni mzaha mtamu kati ya marafiki wawili. Lakini katika kundi lile walikuwamo walimu ambao hadi juzi walikuwa sawa na mama yule, na ambao sasa atawaongoza. Kabla hajakaa hata siku moja katika ofisi yake, tayari mtu amechora mstari kati yake na wenziwe. Ile habari ya sukre nayo ni desturi yetu, wala hatuichukii: anayepanda cheo huwanywesha wenziwe. Ikisemwa kwa kinywa, kwa kicheko, hupita. Ikiandikwa mbele ya watu 80, inakuwa deni, na pongezi inageuka ombi. Msomaji akifika mwisho wa maneno yale, kinachobaki masikioni mwake ni kile anachodaiwa.

Tukamuuliza: «Hao wenye wivu ni nani?» Akasema hakumfikiria mtu yeyote, watu husema hivyo. Labda. Ila mwalimu mwingine aliyekitumaini cheo kile hatakosa kujifikiria mwenyewe.

Tulichelewa zaidi kwenye neno dogo kuliko yote, «hatimaye». Yeye hakuona ubaya wowote ndani yake. Ikatubidi kumsimulia kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita rafiki yetu aliteuliwa kuongoza shule, nasi tukamwandikia kadi iliyobandikwa ukutani katika chumba cha walimu: «Hatimaye haki imetendeka.» Tulidhani tunamheshimu. Hatukukumbuka kwamba mwalimu mwingine alikuwa amekaimu nafasi ile kwa miezi 14, bila nyongeza ya mshahara, akifungua na kufunga milango ya shule kila siku. Aliisoma kadi, akatugeukia na kusema kwa upole: «Kumbe miezi yangu 14 ilikuwa dhuluma.» Hatukuwa na jibu. Neno «hatimaye» lina pande mbili: linamsifu anayeingia na kumhukumu aliyetangulia. Tangu siku ile hatujaliandika tena katika pongezi, na kila tunapomsalimu mzee yule bado tunaisikia sauti yake.

Basi kijana akachukua kalamu ajaribu upya. Jaribio la pili lilikuwa hili:

«Mheshimiwa Mama Mkuu, kwa heshima zote unazostahili, tunakupongeza kwa weledi wako usio na kifani na uongozi wako uliotukuka.»

Hapa pana mtego wa pili, na sisi wafundishaji ndio tunaowatega vijana kwa barua za kiofisi tunazowakaririsha. Mzaha umeondoka, lakini mtu naye ameondoka. Tulimwomba afute «Mama Mkuu» aandike jina la mkuu wa polisi, kisha la daktari, kisha la mwenyekiti wa kwaya. Maneno yale yaliwakaa wote sawasawa. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuipima pongezi: kama inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine bila kubadili kitu isipokuwa jina, bado haijamfikia mtu.

Tukamwuliza: «Wewe binafsi ulimwona akifanya nini?» Alikaa kimya kitambo, kisha akaanza kucheka.

Alikumbuka somo lake la sehemu. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yalifurika, na siku ile alikuwa na watoto 70 mbele yake. Mtoto mmoja aliandika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5, akijumlisha namba za juu na za chini. Kijana akasema ni kosa, lakini akashindwa kueleza kwa nini. Jasho likamtoka. Mama alikuwa ameketi nyuma ya darasa; hakusimama, hakumnyang'anya chaki. Alingoja watoto watoke, akatoa machungwa kikapuni na kisu. La kwanza alilikata katikati, akaweka nusu moja mezani. La pili aliligawa vipande vitano, akaweka viwili kando ya ile nusu. «Tazama,» alisema, «mtoto alikuwa na nusu, akaongezewa, akabaki na pungufu ya nusu. Kesho mwonyeshe hivi, naye ataona mwenyewe.» Kesho yake kijana alifanya hivyo, na mtoto akaona.

«Kwa nini hukuandika hilo?» tulimwuliza. Akajibu kwamba alidhani si jambo la kuandikwa.

Tulibishana kidogo juu ya kitenzi. Yeye alitaka «umepata cheo». Sisi hulikwepa, kwa sababu mtu hupata pia mali iliyoanguka njiani. Kama «una bahati», linaisahau kazi. Tulipendelea «umekabidhiwa shule», maana linataja mzigo pamoja na heshima. Akakubali. Maneno yake ya mwisho yakawa haya:

«Mama Mwalimu, hongera kwa kukabidhiwa shule. Nilipokuwa mwanafunzi wako, nilishindwa kufundisha sehemu mbele ya watoto 70. Hukuniaibisha. Ulingoja watoke, ukanionyesha kwa machungwa. Leo nami nangoja watoto watoke kabla ya kumsahihisha mwenzangu. Walimu watakaoanza kazi chini yako wamepata mtu wa kuketi nyuma ya darasa lao. Nakutakia afya na mwanzo mwema.»

Hamna sifa hata moja iliyotajwa kwa jina, wala «mvumilivu» wala «mwerevu». Msomaji anaziona mwenyewe. Hamna anayelinganishwa wala kudaiwa. Lakini ametaja kushindwa kwake mwenyewe, na hilo tulimwachia aamue kama yuko tayari lisomwe na wote. Habari inayomfunua mtu mwingine huandikwa faraghani, hata ikiwa ni ya kusifu.

Huenda mkajiuliza itakuwaje kwa mtu ambaye hatujawahi kumwona kazini. Hapo tuandike kwa ufupi tu: «Hongera kwa uteuzi wako. Bado hatujafanya kazi pamoja. Nakutakia mwanzo mwema.» Sentensi tatu za kweli hazimpunguzii mtu heshima. Kinachoudhi ni kumbukumbu ya kubuni, maana mwenye kazi anaijua kazi yake.

Kijana aliyafuta maneno ya Jumamosi, akatuma haya mapya. Jioni ile ile mama alimjibu kwa swali: «Machungwa yalikuwa mangapi?»

Naye akamwandikia: «Matatu, Mama. Mawili ya somo, na la tatu tulilila.»